Pengo kati ya fremu na ukuta

Dirisha la alumini likivuja wakati wa masika, lawama huiangukia silikoni. Fundi anaitwa, anaongeza mstari mpya juu ya ule wa zamani, na mvua ikirudi maji yanaingia palepale. Mara nyingi kasoro ilikuwapo kabla bomba la silikoni halijafunguliwa: pengo kati ya fremu na ukuta halikupangwa, au fremu ilifungwa ikiwa imepinda.

Chukua dirisha la kutelezesha katika ukuta wa tofali za saruji, uwazi ambao kwa mazoea tunauita futi tano kwa nne. Ukipima upana wake juu, katikati na chini, unaweza kupata milimita 1,512, kisha 1,506, kisha 1,509. Kimo nacho kikatoka 1,204, 1,200 na 1,207. Usishangae, kuta zetu ndivyo zilivyo. Fundi makini hushika kipimo kidogo kuliko vyote kwa kila upande na kupunguza milimita 12, kwa hiyo fremu inakatwa 1,494 kwa 1,188. Pale ukuta unapobana zaidi, zinabaki milimita 6 kila upande. Anayekata fremu ijae uwazi wote, akidhani ndiyo kukaza, anainyima silikoni mahali pa kukaa. Tena alumini hutanuka: fremu ya upana huu ikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya lile la alfajiri, inarefuka kwa milimita 1 hivi.

Kabla fremu haijaingizwa, inafungwa vibati vya chuma vilivyopakwa zinki. Kibati kimoja kinakaa milimita 150 kutoka kila kona, na kati ya kimoja na kingine isizidi milimita 600. Kwa fremu yetu ni vitatu kila upande. Vitakunjwa upande wa ndani na kufungwa ukutani kwa plagi na skrubu, kisha lipu ya ndani ivifunike. Faida yake kubwa iko chini: hakuna skrubu inayotoboa reli, ambako maji ya mvua hukusanyika. Fremu ibaki na utepe wa kuikinga, kwani saruji mbichi hula rangi na alumini yenyewe.

Sasa tufike kwenye kazi inayorukwa kuliko zote. Fremu ikiwa ndani ya uwazi isiachwe ikining'inia kwenye vibati. Chini yake vinawekwa vipande bapa vya plastiki ngumu, karibu na kona zote mbili na katikati, penye uzito wa milango ya vioo, mpaka pima maji iseme reli imelala sawa. Pembeni navyo vinawekwa nyuma ya kila kibati, vikigusa bila kusukuma. Halafu pima kona kwa kona: kwa fremu hii kila mshazari uwe kama milimita 1,909, na tofauti ya miwili isizidi milimita 3. Hapo ndipo skrubu zikazwe.

Vipande vya mbao vilivyookotwa sakafuni havifai kuachwa humo. Vinanyonya maji, vinavimba, kisha vinaoza na kuacha fremu haina kitu chini.

Ukitaka kujua kama kazi hii ilifanyika, sukuma kioo polepole kuelekea nguzo ya pembeni na utazame mwanga unaopita. Ukigusa juu na chini lakini katikati pana uwazi, skrubu imevuta fremu ukutani kwa sababu nyuma yake palikuwa patupu. Ukigusa katikati tu, kipande kilichowekwa ni kinene mno. Uwazi wa pembetatu maana yake fremu haijasimama wima. Fundi atasema, "Usijali bosi, silikoni itaficha." Itaficha kwa nje, lakini kioo kitaendelea kukwama.

Silikoni yenyewe haitaki ukuta wenye vumbi wala unyevu. Kwanza pengo linasindikwa kamba ya sponji iliyo nene kidogo kuliko pengo lenyewe, ili silikoni ishike fremu na ukuta tu, si mgongo wa pengo. Ikishika pande tatu haiwezi kunyumbuka, na inachanika fremu inapotanuka. Ile yenye harufu kali ya siki iachie vioo vya bafuni, maana tindikali yake hugombana na saruji na mstari hubanduka. Tafuta isiyo na tindikali. Na vile vitundu vilivyo chini ya reli upande wa nje visizibwe hata kidogo: ndimo maji yanamotokea.

Silikoni ikishakauka kabisa, mwagia dirisha maji kwa mpira ukiwa nje, huku mtu mwingine akitazama ndani. Anza na ukingo wa chini, subiri, ndipo upande pembeni, na juu uje mwisho. Ukianzia juu, maji yatateremka kote na hutajua ni kiungo kipi kilichovuja.