Kundi la K-pop Linavyoundwa

Makundi mengi ya K-pop hayaanzi na vijana waliokutana mtaani au shuleni wakaamua kuimba pamoja. Huundwa na kampuni. Kampuni husaka watoto na vijana wenye kipaji au sura ya kuvutia, huwafundisha kwa gharama yake, kisha huchagua wachache na kuwapangia kundi. Utaratibu huu ulipata umbo lake jijini Seoul katika miaka ya 1990. Lee Soo-man, mwimbaji wa zamani, alianzisha kampuni ya SM Entertainment mwaka 1995, na mwaka uliofuata ikatoa H.O.T., kundi la wavulana watano lililotikisa Korea Kusini. Kampuni za YG na JYP zikashika njia hiyohiyo. Katika mfumo huu fedha hutumika kwanza, na mapato huja baadaye sana, tena kama yakija. Mengi ambayo mgeni huyaona kuwa ya ajabu katika K-pop yana chanzo chake hapo.

Anayepita usaili huwa mwanagenzi wa kampuni. Wengi wao bado ni wanafunzi: mchana wako shuleni, na jioni huenda kwenye kumbi za mazoezi hadi usiku. Hufundishwa kuimba, kucheza, kurap, lugha za kigeni, na namna ya kujibu maswali mbele ya kamera. Wanaotoka nje ya nchi hujifunza pia Kikorea. Kwa kawaida kila mwezi kuna tathmini, ambapo mwanagenzi huimba na kucheza mbele ya walimu na wakuu wa kampuni, akirekodiwa, na kasoro zake hutajwa bila kupambwa. Asiyepiga hatua huachwa. Hakuna anayeahidiwa kwamba atapanda jukwaani, na walio wengi hawapandi kamwe.

TWICE, kundi la wasichana la JYP, ni mfano mzuri. Kiongozi wake, Jihyo, aliingia katika kampuni hiyo mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka minane. Alikaa humo miaka kumi kabla ya kutoa wimbo wa kwanza, huku wenzake aliofanya nao mazoezi wakitangulia kupata umaarufu. Mwaka 2015 kampuni iliwashindanisha wanagenzi wake 16 katika kipindi cha televisheni kilichoitwa Sixteen, na washindi walitakiwa kuwa saba. Mwishoni mwanzilishi wa kampuni, Park Jin-young, aliongeza wawili. Mmoja alikuwa Tzuyu kutoka Taiwani, aliyependwa mno na watazamaji. Wa pili alikuwa Momo, Mjapani ambaye tayari alikuwa ametolewa mashindanoni. Uamuzi huo ulizua manung'uniko, na manung'uniko hayo yanaeleweka, kwani sheria za mchezo zilibadilishwa mchezo ukielekea kwisha. Lakini kwa jicho la kampuni hesabu ilikuwa tofauti. Momo alikuwa mchezaji hodari kuliko karibu wote, na kundi lisilo na mchezaji wa aina hiyo lingekuwa na pengo. Kilichotafutwa ni watu watakaokamilishana, hata kama kwa alama si wote waliokuwa bora.

Ndiyo maana kila mmoja ndani ya kundi hupewa nafasi. Mwimbaji mkuu hubeba sehemu ngumu na noti za juu. Wapo wachezaji wakuu na warapa wakuu. Wapo wanaotajwa kwa sura zao, na yupo anayesimama katikati pale kundi linapotaka kukumbukwa. Kiongozi husemea wenzake, husuluhisha ugomvi na ndiye anayeulizwa na kampuni mambo yanapoharibika. Kitinda mimba, yaani mwenye umri mdogo kuliko wote, naye ana nafasi yake, kwa sababu umri ni jambo zito katika mahusiano ya Wakorea, na mashabiki hufurahia kuona wakubwa wakimdekeza au yeye akiwachokoza. TWICE pia ina Wajapani watatu, Momo, Sana na Mina, na hilo lilisaidia sana kundi lilipoingia katika soko la Japani mwaka 2017.

Nafasi hizi huonekana wazi wimbo unapogawanywa. Watu tisa wanagawana dakika tatu na ushei, hivyo mmoja anaweza kupata sekunde chache tu kabla ya kumpisha mwenzake. Mwalimu wa uchezaji hupanga miondoko kufuata mgawanyo huo: anayekaribia kuimba huletwa mbele, aliyemaliza hufunikwa na wenzake na kurudi nyuma, na mwenye noti ndefu hupewa mwendo mwepesi ili asiishiwe pumzi. Mgeni anayetaka kuliona hili aache video rasmi ya wimbo na atazame ya mazoezi, ile iliyopigwa kwa kamera moja isiyohama. Hapo ataona kwamba mistari ya wachezaji haitulii hata kidogo. Ataelewa pia kwa nini mmoja akiugua kabla ya onyesho, wote waliobaki hulazimika kujifunza upya pa kusimama.

Wimbo wenyewe nao mara nyingi hupita mikononi mwa watu wengi. Kampuni hukusanya demo kutoka kwa watunzi wa Korea na wa ng'ambo, hasa nchi za Skandinavia. Mmoja huleta mdundo, mwingine melodi, na mashairi ya Kikorea huandikwa baadaye. Kampuni hukata na kuunga. I Got a Boy, wimbo wa Girls' Generation wa SM uliotoka Januari 2013, unaonyesha jambo hili waziwazi. Miongoni mwa watunzi wake alikuwamo Anne Judith Wik wa Norwe pamoja na Yoo Young-jin, mtunzi wa siku nyingi wa SM. Wimbo huo hubadilisha kasi na mtindo kwa ghafla mara kadhaa, kana kwamba nyimbo mbili tatu zimeshonwa pamoja. Wapo wanaouona fujo. Hata hivyo kila mgeuko huwapa wasichana tisa fursa mpya ya kuingia, na huleta mchezo mpya jukwaani. Wimbo wa aina hiyo umetungwa ili utazamwe kama vile usikilizwavyo.

Gharama za miaka yote hiyo lazima zirudi, na hapo ndipo mikataba ilipozaa uchungu. Katika kampuni nyingi, gharama za kundi hukatwa kwanza kabla wasanii hawajagawiwa chochote, hivyo wanaweza kujulikana kote huku mifuko yao ikiwa mitupu. Mwaka 2009 wanakundi watatu kati ya watano wa TVXQ waliishtaki SM wakipinga mkataba wa miaka 13, na mahakama ya Seoul ikasimamisha utekelezaji wake kwa muda. Mwaka huohuo Tume ya Ushindani wa Haki ya Korea ilitoa mkataba wa mfano wenye kikomo cha miaka saba. Tangu hapo mwaka wa saba umekuwa mtihani, na makundi mengi husambaratika unapofika. TWICE ilifikia mtihani huo mwaka 2022, na wote tisa wakatia saini upya.