Simu Moja, Anwani Nyingi

Jirani yangu aliitengea simu ya mwanawe anwani ya IP isiyobadilika, 192.168.1.50, kisha akaiagiza ruta iikatie intaneti anwani hiyo kila usiku saa nne. Usiku mmoja alimkuta kijana akitazama video saa sita. Tulipofungua ruta, kanuni ilikuwepo vilevile, ila simu ilikuwa imekaa kwenye 192.168.1.103. Kijana hakuwa amevunja kitu. Waifai ya nyumba ile ina majina mawili, naye alikuwa amehamia la pili.

Ruta huigawia simu IP kwa kutazama anwani yake ya MAC, yaani alama 12 ambazo kila kifaa hupewa kiwandani. Anwani hiyo husafiri hewani bila kufichwa, hata pale waifai inapolindwa kwa nywila. Zamani simu iliitumia ileile kila mahali, hivyo mwenye vifaa vya kunasa mawimbi dukani, hotelini na uwanja wa ndege aliweza kufuatilia nyendo za mwenye simu. Ili kuziba mwanya huo, Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020 zilianza kubuni anwani ya nasibu kwa kila jina la mtandao.

Ndiyo maana kwa ruta ya jirani, simu ile kwenye jina la pili ilikuwa mgeni kabisa. Ilipewa IP yoyote iliyokuwa wazi, na kanuni ikabaki kulinda kiti kitupu. Orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa nayo huvurugika hivyohivyo: simu ya mwenye nyumba hukataliwa mlangoni.

Kuitambua anwani ya kubuni ni rahisi. Tazama alama ya pili kutoka kushoto. Ikiwa ni 2, 6, A au E, kama katika 6E:41:0B:93:D2:7F, haikutoka kiwandani.

Kwa mtandao wa nyumbani, fungua mipangilio ya waifai hiyo ndani ya simu, uzime anwani ya nasibu kwa mtandao huo tu, kisha uandike kwenye ruta anwani inayoonekana sasa. Fanya hivyo kwa kila jina la waifai ambalo simu hutumia. Mitandao mingine iache ilivyo, ulinzi wake usipotee.

Hata hivyo, kijana anaweza kuuwasha tena mpangilio huo kwa sekunde chache. Kwa hiyo tulimfungulia mtandao wake wenye nywila yake, tukabadilisha nywila za ile mingine, na kanuni ya saa nne tukaifunga kwenye mtandao wenyewe. Sasa simu ijiite itakavyo, saa nne ikifika intaneti inakatika.