Faktoria ya 21 na Ukuta Ambao Python Haiujui

Faktoria ya namba ni zao la namba zote kuanzia 1 hadi namba hiyo. Faktoria ya 5 ni 120 tu, lakini ya 20 ni 2432902008176640000, na hapo ndipo lugha nyingi za kompyuta hufika ukingoni. Katika Java, namba ya aina ya `long` hupewa biti 64, na kubwa kuliko zote inayoenea humo ni 9223372036854775807. Ukizidisha tena kwa 21, Java hairipoti kosa lolote, inakupa -4249290049419214848. Zao la namba chanya limegeuka hasi, na programu inaendelea kana kwamba hakuna kilichoharibika.

Python inatoa jibu sahihi:

```python
>>> import math
>>> math.factorial(21)
51090942171709440000
```

Siri iko katika namna namba inavyohifadhiwa. Python ya kawaida haiipi namba nafasi moja yenye ukubwa maalumu. Huikata vipande vya biti 30, kila kipande kikikaa katika baiti 4, na huongeza vipande kadiri namba inavyokua. Faktoria ya 21 inahitaji vipande vitatu, na cha juu kabisa kina thamani ya 44. Kuzidisha hufanyika kama tulivyofundishwa shuleni: kipande kwa kipande, kinachozidi kikipelekwa kipande kinachofuata. Tofauti ni kwamba sisi tunahamisha tukifika 10, yenyewe huhamisha ikifika 1073741824.

Kwa hiyo kinachoweka mpaka ni kumbukumbu ya mashine na muda wako. Faktoria ya 1000 ina tarakimu 2568, lakini vipande vyake 285 hula baiti 1140 tu, ukiongeza 24 za maelezo ya namba yenyewe. Muda ndio ghali, kwa sababu namba ndefu zina vipande vingi vya kuzidishana.

Ghali zaidi ni kuzigeuza ziwe maandishi. Tangu toleo la 3.11, Python hukataa kuchapa namba kamili yenye tarakimu zaidi ya 4300, ili mtu mwenye nia mbaya asiweze kuikwamisha seva kwa namba ndefu. Faktoria ya 2000, yenye tarakimu 5736, inakokotolewa vizuri. Ukiichapa unapata `ValueError`. Hesabu haijakosewa. Kilichozuiwa ni uchapaji, na kikomo hicho kinaondolewa hivi:

```python
import sys
sys.set_int_max_str_digits(0)
```

Lakini kinga hii ni ya namba kamili za Python peke yake. Ukiigeuza faktoria ya 171 kuwa namba ya desimali kwa `float`, utapata `OverflowError`. NumPy ni hatari zaidi, maana safu zake hutumia biti 64 na hukosea kimyakimya kama Java. Ukiona zao la namba chanya limetoka hasi, kagua kwanza aina ya namba ulizotumia kabla ya kuilaumu fomula.