Kijani cha Shaba na Wekundu wa Chuma Havitibiwi kwa Ndimu

Swali lile lile limenijia tena, safari hii kutoka kwa mwenye nyumba wa Likoni, karibu na ufuo wa Shelly: "Fundi, paipu za shaba za eisi zimeota kutu ya kijani, geti nalo limeota kutu nyekundu. Nizisugue kwa ndimu na chumvi?" Jibu ni hapana, kwa geti na kwa paipu.

Kutu ya chuma haikilindi chuma. Ina vinyweleo, inapitisha maji na hewa, na chuma kilicho chini yake kinaendelea kuliwa. Utando wa shaba hushikamana na shaba yenyewe na kwa kawaida hupunguza kasi ya uharibifu. Kwa hiyo kabla ya kushika brashi, tazama rangi.

Kwenye geti, pitisha kidole. Unga wa rangi ya chungwa unaobaki kidoleni ni kutu changa, na chuma chini yake bado ni kizima. Kahawia iliyokolea, iliyopangana kwa tabaka, ni kutu ya miezi au miaka. Ingiza ncha ya bisibisi chini ya gamba na ulibandue. Ukiona weusi umegandamana na chuma, hapo hewa ilikuwa haba na kutu imejijenga kwa ndani. Weusi huo ukiwa umejaa kwenye vishimo, rangi mpya juu yake itainuka upya baada ya muda mfupi.

Shaba hupita njia nyingine. Kwanza inakuwa kahawia, kisha kahawia nyeusi, na baada ya miaka ndipo kijani kinapotokea. Kwenye miji yenye moshi wa viwanda kijani hicho hutokana zaidi na salfa ya hewani. Kwetu, kando ya bahari, kloridi ya chumvi ndiyo inayochangia. Kikiwa laini, kimeshikamana na hakifutiki kwa kitambaa, kiacheni. Nasema kiacheni.

Sasa hiyo ndimu. Watu wanaiamini kwa sababu matokeo yake yanaonekana papo hapo: asidi inayeyusha utando, shaba inang'aa kama mpya, na kila mtu anafurahi. Kilichoyeyuka ni shaba yako mwenyewe, iliyokuwa imegeuka kuwa ngao. Shaba tupu inaanza kujifunika upya, na kila duru ya kusugua inapunguza unene wa paipu. Chumvi ndiyo mbaya zaidi. Kloridi yake hujipenyeza kwenye vishimo, na haitoki kwa kufuta kwa kitambaa. Chumvi safi huanza kuyeyuka yenyewe hewa ikifika unyevu wa takriban asilimia 75. Chumvi ya bahari, yenye magnesi, hunyonya maji hata hewani palipo kavu zaidi. Kwa hiyo ukisugua kwa chumvi Kisauni au Changamwe, umeacha kwenye chuma chako kitu kitakachobaki na majimaji usiku na mchana. Ndiyo sababu geti lililosuguliwa jioni hurudi na rangi ya chungwa asubuhi. Huko ndiko kutu ilikotoka!

Wahifadhi wa makumbusho wanalijua hili vizuri. Vyuma vinavyoopolewa baharini, kama vile vya meli ya Santo António de Tanná iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 na kuchimbuliwa kuanzia 1977, hukabiliwa na tatizo hilo hilo: kloridi isipotolewa kwa kulowekwa kwa muda mrefu, chuma huendelea kuharibika hata kikikaa kwenye kabati.

Kuna kijani kibaya pia. Ni cha mpauko, kimekaa kama unga kwenye kishimo, ukikifuta kinarudi baada ya hewa kuwa na unyevu. Hicho kinaila shaba kutoka ndani. Kijani chenye mafuta mafuta kwenye kiungo cha paipu ya eisi ni dalili ya gesi kuvuja. Mwite fundi wa eisi. Bomba la shaba ya njano likigeuka waridi, zinki imetoka na halina nguvu tena, badilisha. Sufuria ya shaba yenye kijani ndani isipikiwe hadi ipakwe bati upya.

Kwa geti: kwangua hadi chuma king'ae, osha chumvi kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, kausha, na paka rangi ya kwanza siku hiyo hiyo. Mabati yenye unga mweupe yanaliwa zinki tu. Yaoshe na uyakaushe. Wekundu ukijitokeza, zinki imekwisha pale.

Kilichobaki ni nondo za ndani ya slabu. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichoizaa, na ndiyo inayopasua zege kutoka ndani. Ufa unaofuata mstari wa nondo na kutoa doa la kahawia usifunikwe kwa plasta. Mwite mhandisi kabla ya kumwita fundi wa plasta.