Wimbo Unaobaki Kumbukumbu Zinapofifia: Utafiti Unavyoeleza Nafasi ya Kuimba na Wazee Wenye Demensia

Katika familia nyingi za Mwenge na maeneo mengine ya Jiji la Dar es Salaam, mzee anayeishi na demensia huweza kuuliza swali lilelile mara kadhaa kwa saa moja, akasahau kama amekula, au akashindwa kumtambua mjukuu anayelala naye nyumba moja. Hata hivyo, mzee huyohuyo akisikia wimbo wa ujana wake, mara nyingi huupokea na kuuimba beti kwa beti bila kukosea. Jambo hilo huwashangaza ndugu, na wengine hudhani kuwa mzee alikuwa anajisahaulisha tu. Utafiti wa ubongo unaonesha kuwa hajisahaulishi, na unaeleza kwa nini wimbo hubaki pale mambo mengine yanapoondoka.

Demensia ni jina la kundi la magonjwa yanayoharibu ubongo hatua kwa hatua, na lililo kubwa zaidi ni ugonjwa wa Alzaima. Katika ugonjwa huo, sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi, ambayo kazi yake ni kupokea matukio mapya na kuyahifadhi, huwa miongoni mwa zile zinazoathirika mapema. Kwa sababu hiyo mgonjwa husahau alichokula asubuhi ilhali anakumbuka safari aliyoifanya miaka 50 iliyopita. Tukio la zamani lilikwishahifadhiwa kabla ya ugonjwa kuanza, lakini la leo halikupata mahali pa kukaa.

Wimbo unaofahamika kwa muda mrefu una hifadhi yake. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Max Planck iliyoko Leipzig, Ujerumani, walipima ubongo wa vijana wenye afya walipokuwa wakisikiliza nyimbo wanazozijua tangu zamani, ili kubaini sehemu zinazofanya kazi hiyo. Kisha walizilinganisha sehemu hizo na picha za ubongo za wagonjwa wa Alzaima. Waligundua kuwa sehemu zinazohusika na kumbukumbu ya nyimbo za muda mrefu zilikuwa zimesinyaa kidogo tu zikilinganishwa na maeneo mengine ya ubongo. Sehemu hizo zipo karibu na zile zinazopanga mwendo wa mwili. Kuimba, kwa maana hiyo, kunafanana na kuendesha baiskeli: neno moja huvuta linalofuata, na mapigo ya wimbo hubeba yote mawili.

Si kila wimbo wa zamani una nguvu hiyo. Tafiti za kumbukumbu zimeonesha mara nyingi kuwa watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo waliyoyapitia kati ya umri wa takriban miaka 10 na 30, na nyimbo zimo ndani ya kipindi hicho. Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Vijana wa nyumbani humwekea babu nyimbo wanazoziita zilipendwa, wakidhani kuwa wimbo wowote wa zamani unafaa. Kwa mzee aliyezaliwa mwaka 1940, wimbo uliovuma mwaka 1995 ulimkuta akiwa na miaka 55. Ataufurahia pengine, lakini si rahisi aupokee kwa moyo.

Hesabu sahihi huanza na mwaka wa kuzaliwa. Chukua mfano wa bibi wa kufikirika aliyezaliwa Newala mwaka 1952, akahamia Mwenge mwaka 1973 pamoja na mume wake mchonga vinyago. Miaka yake ya kati ya 10 na 30 ni kuanzia 1962 hadi 1982. Bendi ya NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 alikuwa na miaka 12, na Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 alikuwa na miaka 26. Nyimbo nyingi za bendi za wakati huo zilirekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam na kusikika nchi nzima kupitia redio. Kwa hiyo wimbo anaoujua bibi ni ule wa redioni, kwa kasi yake na mwitikio wake. Ukiimbwa kwa mtindo mpya, huenda asiutambue.

Dansi, hata hivyo, ni sehemu moja tu ya hazina ya bibi huyo. Kabla ya kufika mjini alikuwa na nyimbo za Kimakonde za utotoni, za kazi na za ngoma. Shuleni alijifunza nyimbo za taifa na za mchakamchaka. Katika nyumba ya ibada alizoea kaswida au kwaya. Wagonjwa wengi waliojifunza lugha ya pili baadaye maishani hurudi taratibu kwenye lugha ya kwanza kadiri demensia inavyosonga mbele, hivyo wimbo wa Kimakonde unaweza kubaki hata Kiswahili kinapoanza kupotea. Familia ambayo watoto wake hawakujifunza lugha hiyo inafaa kumtafuta ndugu au jirani wa kabila hilo, amfundishe mjukuu nyimbo mbili au tatu mapema, wakati mzee mwenyewe bado anaweza kusahihisha maneno.

Swali linalofuata ni kama kuimba kunaleta nafuu inayoweza kupimwa. Nchini Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha jozi 89, kila jozi ikiwa na mgonjwa na mtu anayemtunza. Kundi moja lilifundishwa kuimba kwa wiki 10, la pili lilisikiliza nyimbo zinazofahamika, na la tatu liliendelea na huduma ya kawaida. Makundi yote mawili ya muziki yalipata nafuu ya hisia. Waliokuwa wakiimba walionesha pia nafuu katika kumbukumbu ya muda mfupi, na watunzaji wao walijisikia vizuri zaidi. Nchini Australia, utafiti wa mwaka 2022 uliofanyika katika makazi 20 ya wazee ulionesha kuwa kuimba kwa pamoja katika kwaya kulipunguza dalili za sonona.

Matokeo hayo yana mipaka. Tathmini zinazokusanya tafiti nyingi kwa pamoja zinaonesha kuwa faida ya muziki ipo zaidi katika kupunguza huzuni na baadhi ya matatizo ya tabia. Kwa upande wa uwezo wa kufikiri, ushahidi ni dhaifu, na faida huelekea kupungua pale vipindi vinapokoma. Muziki haurudishi seli za ubongo zilizokufa, na hausimamishi ugonjwa.

Tanzania ina uzoefu wake katika eneo hili. Utafiti uliofanyika Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro, ulibaini kuwa takriban watu 6 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia. Mahojiano yaliyofanyika huko yalionesha pia kuwa wengi waliiona hali hiyo kuwa uzee wa kawaida, na baadhi waliihusisha na laana au uchawi, hivyo wachache walitafuta matibabu. Baadaye wazee 34 wenye demensia ya kiwango kidogo na cha kati walishiriki tiba ya kuchangamsha ubongo katika vikundi. Tiba hiyo ilibuniwa Uingereza na kurekebishwa ili iendane na mazingira ya Tanzania, wakiwamo wazee wasiojua kusoma. Ilikuwa na vipindi 14 katika wiki 7, yaani viwili kila wiki.

Katika tiba hiyo, kikundi hujichagulia jina na wimbo wake, na wimbo huo huimbwa kabla ya mazungumzo na michezo ya siku. Wimbo mmoja unaorudiwa kila kipindi humjulisha mgonjwa kuwa yupo mahali anapopafahamu, hata kama amesahau kuwa aliwahi kufika. Wazee wa Hai walipata nafuu katika uwezo wa kufikiri, wasiwasi na dalili za tabia. Ni vyema kuelewa kuwa nafuu hiyo ilitokana na tiba nzima, na kuimba kulikuwa sehemu yake tu.

Nyumbani, mpangilio rahisi unatosha. Zichaguliwe nyimbo tano au sita, na kipindi kisizidi nusu saa. Televisheni na redio nyingine zizimwe, kwa sababu mgonjwa hushindwa kutenganisha sauti nyingi, na nyumba iliyo karibu na kituo cha daladala tayari ina kelele za kutosha. Mtunzaji akae mbele ya mzee, aanze wimbo kwa sauti ya chini na kwa kasi ndogo kidogo, huku akipiga makofi polepole. Sauti ya mtu hubadilika kwa umri, na wimbo ukianzishwa juu mno mzee hunyamaza hata kama anaujua. Baada ya mstari wa kwanza, mtunzaji aache neno la mwisho bila kulitamka. Mzee akilijaza, kumbukumbu imeitikia. Asipolijaza, asiulizwe jina la wimbo wala la mwimbaji, maana maswali ya aina hiyo hugeuza burudani kuwa mtihani.

Dalili za kuwa wimbo haufai huonekana haraka: mzee hugeuza uso, huziba masikio, hukunja ngumi au huinuka kutaka kuondoka. Wimbo huo uachwe, kwani unaweza kuwa umefungamana na msiba au mateso ya zamani. Machozi peke yake si sababu ya kukatisha. Kama mzee analia huku akiendelea kuimba, ashikwe mkono na wimbo umalizwe. Asiyeitikia wimbo wowote achunguzwe masikio kwanza, kwa kuwa upungufu wa kusikia kwa wazee mara nyingi huchukuliwa kimakosa kuwa demensia imeongezeka.

Daftari dogo lina msaada mkubwa. Liandikwe tarehe, saa, wimbo, mzee alifanya nini, na alikuwaje saa moja baadaye. Baada ya wiki mbili familia itafahamu nyimbo zipi zinamtuliza kabla ya kuoga au wakati wa magharibi, ambapo wagonjwa wengi huhangaika. Daftari hilo lipelekwe pia kwa daktari. Usahaulifu unaweza kutokana na hali zinazotibika, kama vile upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo au sonona, na vipimo pekee ndivyo vinavyotofautisha. Mzee aliyekuwa akiimba vizuri Jumatatu na Jumatano akawa hajui alipo, hajazidiwa na demensia ghafla. Huenda ana maambukizi, malaria, kiharusi au madhara ya dawa, na anatakiwa kufikishwa hospitalini siku hiyohiyo.