TAARIFA KWA WALIMU, WAZAZI NA WAKAAZI
Andalio la Somo la Vitendo la Kemia kwa Usalama: Mfano wa Skuli za Sekondari za Sumbawanga na Nyanda za Juu za Ufipa

Wanafunzi wa Kidato cha Nne wa Tanzania Bara na wa Zanzibar hufanya mtihani mmoja wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Jaribio moja analokutana nalo karibu kila mwanafunzi wa kemia ni lile la kupima mwendo wa mmenyuko kwa kuchanganya thiosalfeti ya sodiamu na asidi hidrokloriki. Maji yaliyokuwa maangavu huanza kuwa na ukungu wa manjano, na alama ya X iliyochorwa kwenye karatasi hufifia hadi isionekane tena. Mwanafunzi huandika ni sekunde ngapi zimepita, kisha hurudia kazi hiyo katika nyuzi joto nyingine.

Ukungu huo ni salfa. Pamoja na salfa hutoka hewa ya salfa dioksaidi, ambayo ndiyo harufu kali inayochoma pua kiberiti kinapowashwa. Hewa hii hukera macho na koo, na kwa mwenye maradhi ya pumu huweza kubana kifua kwa dakika chache tu.

Sumbawanga imechaguliwa kuwa mfano kwa sababu moja. Mji huo, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, uko katika nyanda za juu za Ufipa, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai upepo wake ni wa baridi, na jambo la kwanza watu wanalofanya waingiapo darasani ni kufunga madirisha. Hivyo jaribio linalotoa hewa yenye madhara huweza kufanyika katika chumba kilichofungwa. Andalio linaloelezwa hapa limepangwa ili kuondoa hatari hiyo bila kupunguza chochote katika kinachofundishwa.

KIASI CHA HEWA INAYOTOKA

Katika mpango wa zamani, kila kikundi huchukua mililita 50 za thiosalfeti (gramu 40 kwa lita) na mililita 10 za asidi ya moli 2 kwa lita. Mmenyuko ukifika mwisho, jaribio moja linaweza kutoa takriban mililita 240 za salfa dioksaidi katika kanieneo ya hewa ya Sumbawanga. Vikundi 10, kila kimoja kikifanya majaribio manne, vinaweza kutoa karibu lita 10. Katika chumba cha mita 8 kwa 6 chenye kimo cha mita 3, hizo ni sehemu zaidi ya 60 katika milioni. Kikomo kinachotumika Uingereza kwa mtu kukaa ndani ya hewa hiyo dakika 15 ni sehemu 1 katika milioni.

Mpango huu mpya unatumia mililita 10 za thiosalfeti na mililita 1 tu ya asidi ya moli 1 kwa lita. Asidi ikiisha, mmenyuko husimama, na hewa inayoweza kutoka haizidi takriban mililita 15 kwa jaribio. Kwa majaribio 40 jumla yake ni lita 0.6, nayo ni sehemu 4 katika milioni iwapo yote itabaki chumbani. Kwa kweli sehemu kubwa hubaki imeyeyuka ndani ya maji. Hata hivyo hesabu inaonesha kuwa kupunguza vipimo peke yake hakutoshi. Ni lazima madirisha yawe wazi, na ni lazima hewa iliyobaki katika chupa izimwe mara jaribio linapokwisha.

MAHITAJI KWA VIKUNDI 10 VYA WANAFUNZI WANNE

1. Chupa ndogo za kioo zenye vifuniko, za ukubwa wa mililita 25 hadi 30 na za upana mmoja: 4 kwa kila kikundi.
2. Mabomba ya sindano yasiyo na sindano: moja la mililita 10 lenye alama "T" na moja la mililita 2 lenye alama "A". Yasibadilishwe, kwani tone la asidi likiingia katika thiosalfeti huiharibu yote.
3. Kipimajoto cha pombe nyekundu. Cha zebaki kisitumike.
4. Saa yenye mshale wa sekunde, bika au kikombe cha maji ya moto, na kadi nyeupe yenye alama ya X.
5. Miwani ya kinga kwa kila mwanafunzi na kwa mwalimu.
6. Thiosalfeti ya sodiamu ya fuwele: gramu 25 zilizoyeyushwa kufikia lita 1.
7. Asidi hidrokloriki ya moli 1 kwa lita: nusu lita.
8. Chupa za chai zenye maji ya moto. Taa za spiriti hazihitajiki.
9. Ndoo ya kuzimia: lita 3 za maji zilizoyeyushwa gramu 150 za kaboneti ya sodiamu, yaani soda ya kufulia, pamoja na matone ya fenolfthalini hadi maji yawe ya waridi.
10. Ndoo ya lita 20 yenye koki na maji safi, kwa ajili ya macho na ngozi.

Asidi hutayarishwa na mwalimu peke yake, siku moja kabla, karibu na dirisha lililo wazi. Mililita 43 za asidi kali ya asilimia 36 humiminwa polepole ndani ya mililita 300 za maji, kisha huongezwa maji hadi kufikia mililita 500. Asidi ndiyo humiminwa katika maji. Maji hayamiminwi katika asidi kali, kwa kuwa joto linalotokea huweza kuirusha usoni.

MWENENDO WA SOMO (DAKIKA 80)

Dakika 15 za mwanzo ni za maelezo. Mwalimu hufungua mlango na madirisha ya pande zote mbili kabla ya chupa yoyote kufunguliwa, na wanafunzi hubaki na masweta yao. Siku ambayo madirisha hayawezi kufunguliwa, somo huahirishwa.

Dakika 45 zinazofuata ni za kazi. Kikundi huweka mililita 10 za thiosalfeti katika kila chupa. Jaribio la kwanza hufanywa kwa joto la chumba, ambalo asubuhi ya Julai huko Sumbawanga huweza kuwa nyuzi 18 au chini yake. Chupa nyingine tatu hupashwa moja moja ndani ya maji ya moto hadi nyuzi 28, 38 na 48. Joto lisizidi nyuzi 50, kwa sababu maji yanavyopata moto ndivyo yanavyoiachia hewa iliyoyeyuka.

Chupa husimamishwa mbele ya kadi ya X. Asidi mililita 1 huingizwa, saa huanza kuhesabu, kipimajoto husomwa mara moja, na kifuniko huwekwa juu bila kukazwa. X hutazamwa kwa ubavu, kupitia kioo. Mazoea ya kuweka karatasi chini ya chombo na kuinama kutazama kutoka juu ndiyo yanayoleta pua ya mwanafunzi mahali hewa inapotokea, nayo yaachwe. X inapotoweka, saa husimamishwa, joto husomwa tena, na chupa pamoja na vyote vilivyomo hutumbukizwa papo hapo katika ndoo ya kuzimia. Povu litakaloonekana ni la kaboni dioksaidi na halina madhara. Rangi ya waridi ikififia, soda huongezwa.

Dakika 20 za mwisho ni za hesabu, kuchora grafu na kusafisha. Chupa zisuguliwe siku hiyo hiyo, maana salfa ikikauka hung'ang'ania kioo.

TAHADHARI

Mwenye pumu hukaa karibu na mlango, dawa yake ikiwa mfukoni, na hupewa kazi ya kushika saa. Akianza kukohoa hutolewa nje na kukalishwa wima. Asipopata nafuu baada ya kutumia dawa yake, hupelekwa hospitali bila kungojea somo liishe. Wazazi wanaombwa kuiarifu skuli mapema kuhusu maradhi haya.

Harufu ya kiberiti ikisikika chumbani, ni dalili kwamba kuna chupa haikuzimwa. Kazi husimama, chupa zote hutiwa katika ndoo, na darasa hutoka nje. Asidi ikiingia jichoni, jicho huoshwa kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20, kisha mgonjwa hupelekwa kwa daktari.

KARATASI YA MWANAFUNZI YA KUANDIKIA MATOKEO

Jina: ................ Kikundi: ........ Tarehe: ........
Madirisha yapo wazi (ndiyo/hapana): ........ Miwani imevaliwa: ........

| Jaribio | Joto mara baada ya asidi | Joto X ilipotoweka | Wastani | Sekunde | 1000 ÷ sekunde |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | | | | | |
| 2 | | | | | |
| 3 | | | | | |
| 4 | | | | | |

Kitu chochote kisichotarajiwa: ................................
Chupa zilizozimwa (idadi): ........ Saini ya mwalimu: ........

MFANO WA KUJAZA

Tuseme kikundi kimepata sekunde 160 katika nyuzi 18. Elfu moja kugawanya kwa 160 ni 6.3. Katika nyuzi 28 kimepata sekunde 84, yaani 11.9, na katika nyuzi 38 sekunde 45, yaani 22.2. Kila nyuzi 10 zimekaribia kuongeza mwendo maradufu.

Chupa ya nne ilipashwa hadi nyuzi 48 na X ikatoweka kwa sekunde 30, yaani 33.3. Nukta hiyo ikichorwa kwenye 48 huangukia chini ya mstari, ambapo karibu 43 ilitarajiwa. Mwanafunzi asifute wala asibuni namba nyingine. Mililita 1 ya asidi yenye nyuzi 18 imeingia katika mililita 10 zenye nyuzi 48, na mchanganyiko umeshuka papo hapo hadi karibu nyuzi 45. Kisha chupa imepoa kwa upepo wa dirishani hadi 43. Wastani wa kweli ni 44, na kwenye 44 nukta hurudi mstarini. Ndiyo sababu karatasi ina nafasi mbili za kuandika joto. Pale ambapo madirisha ni lazima yawe wazi katika baridi, kusoma joto mara mbili ndiko kunakolinda usahihi wa matokeo.

Kwa skuli za Unguja na Pemba, ambako chumba huanza na nyuzi 28 hadi 30, andalio ni lile lile, ila joto lipangwe kuwa la chumba, kisha 37, 43 na 50. Asidi ya huko haitapoza mchanganyiko kwa kiasi kile cha Ufipa, lakini hewa itatoka mapema zaidi katika jaribio la kwanza. Ndoo ya kuzimia, basi, iwe tayari kabla ya tone la kwanza la asidi.