Jina likifutwa, mtu bado anaonekana

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili amekwenda kuhoji wauguzi wa zahanati za vijijini kuhusu upungufu wa watumishi. Mmoja wao anamwambia hivi:

"Mimi nimefika hapa Mwembeni mwaka 2014, nikitokea Tanga mjini. Tuko wawili tu, mimi na Daktari Juma. Jumatatu kliniki ikijaa, mimi ndiye nazalisha, mimi ndiye natoa chanjo. Mwaka ule boti ilipozama ndiyo nilijifungua mapacha, na siku ya tatu nikarudi kazini kwa sababu daktari hayupo, kaenda kwenye biashara zake."

Maneno haya nimeyatunga, lakini yeyote aliyewahi kukaa na kinasa sauti mbele ya mtumishi wa kijijini ataitambua sauti hiyo. Muuguzi huyu amemsema bosi wake. Maneno yakimfikia bosi, yeye ndiye atakayebaki naye zahanati huku mtafiti amesharudi chuoni. Kwa sababu hiyo kamati ya maadili ya chuo, kabla ya kutoa kibali, inataka kujua mambo mawili: utambulisho wake utafichwaje, na sauti yake itakaa wapi.

Wengi hujibu swali la kwanza kwa sentensi moja: majina yatafutwa. Kisha hufungua kompyuta na kuamuru kila "Juma" iwe "P08". Matokeo yake ni kwamba Jumatatu inageuka "P08tatu", na msomaji yeyote anajua papo hapo jina lililofutwa ni lipi. Wakati huohuo "Baba Asha", jina ambalo pengine kijiji kizima humwitia daktari huyohuyo, limebaki kama lilivyo, maana kompyuta haijui kuwa ni mtu mmoja. Kwetu mtu ana jina la cheti, jina la mtoto wake wa kwanza, jina la utani na cheo. Yote hayo hayatafutwi kwa kubonyeza mara moja. Lazima usome nakala mstari kwa mstari, kalamu mkononi.

Ukimaliza majina, ndipo kazi yenyewe inapoanza. Rudi kwenye maneno ya muuguzi, ondoa Mwembeni na Juma, halafu ujiulize: muuguzi aliyetoka Tanga mwaka 2014, wa zahanati yenye watumishi wawili, aliyezaa mapacha mwaka boti ilipozama, wako wangapi? Ni mmoja. Kila kipande kikiwa peke yake hakisemi kitu, ila vikikutana vinamtaja. Sheria nazo zinalitambua jambo hili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inayolinda data inamhesabu pia mtu anayeweza kutambulika kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022.

Sasa tuisafishe nakala. Badala ya kufuta tupu na kuacha mashimo, weka neno pana ndani ya mabano ya mraba, ili msomaji ajue kwamba ni mkono wako:

"Mimi nimefika hapa [kijijini] miaka [kadhaa] iliyopita, nikitokea [mjini]. Tuko [wachache] tu, mimi na [mkuu wa kituo]. Siku ya kliniki ikijaa, mimi ndiye nazalisha, mimi ndiye natoa chanjo. [...] nilijifungua, na [siku chache baadaye] nikarudi kazini kwa sababu [mkuu wa kituo] hayupo, kaenda kwenye [shughuli nyingine]."

Mapacha wametoka, boti imetoka. Kilichobaki ndicho utafiti ulichokuwa unakitafuta, yaani mzazi kurudi kazini kabla hajapumzika kwa kuwa hakuna wa kumshika mkono. Ile idadi ya watumishi wawili haijapotea. Itatajwa katika maelezo ya jumla ya zahanati zote zilizotembelewa, isigandane na kinywa cha mtu mmoja. Kila badiliko liandikwe kwenye daftari la mabadiliko, na daftari hilo ni siri sawa na nakala ya awali.

Hata hivyo kuna msomaji ambaye mabano hayamzuii, naye ni mtu wa palepale. Mwaka 1958 wanasosholojia Arthur Vidich na Joseph Bensman walichapisha kitabu kuhusu mji mdogo wa jimbo la New York, wakauita Springdale na kuwapa watu majina ya bandia. Wageni hawakumjua mtu. Wenyeji walijuana wote, wakakasirika. Kwenye gwaride la tarehe 4 Julai walipita ndani ya magari wamevaa vinyago, kila mmoja na jina la bandia alilopewa kitabuni, na nyuma yao sanamu ya mwandishi imeinamia gari la kusambazia samadi. Bosi wa muuguzi wetu naye ni mwenyeji. Akisoma kuwa mkuu wa kituo fulani huenda kwenye shughuli zake, atajua nani kasema, maana wako wawili. Hapo dawa ni kutochapa maneno hayo kama nukuu. Yaeleze kwa lugha yako pamoja na ya wauguzi wa vituo vingine, na wilaya usiitaje. Lahaja nayo ichunguzwe: nukuu yenye Kipemba cha wazi inataja kisiwa bila kukitaja.

Kosa jingine hutokea mwishoni, tasnifu ikishachapwa. Nukuu za P07 zimetawanyika sura ya nne hadi ya sita, na kiambatisho kina jedwali la washiriki lenye umri, jinsia, cheo na miaka kazini. Kabla ya kuwasilisha, kusanya kila kilichosemwa na P07 kwenye ukurasa mmoja, weka na mstari wake wa jedwali, usome kama jirani yake. Wengi hushtuka hapo. Umri wa 43 ufanye 40–49, au safu nzima iondoke.

Swali la pili ni mahali pa kuhifadhi. Orodha inayosema P07 ni nani ndiyo ufunguo wa kila kitu. Isikae folda moja na nakala, wala kompyuta moja ikiwezekana. Fomu za ridhaa zina sahihi, kwa hiyo zifungiwe kabatini, na namba ya P07 isiandikwe juu yake. Sauti haifichiki hata ukifuta majina, kwani anayemjua atamtambua kwa salamu tu. Simu nyingi hupandisha rekodi kwenye akaunti ya mtandaoni zenyewe, kwa hiyo zima jambo hilo kabla ya safari, na usimtumie mwandishi wako wa nakala sauti kwa WhatsApp. Ifungie kwenye kompyuta iliyosimbwa, kwa BitLocker au VeraCrypt, siku ileile. Nywila ya kuingilia peke yake haitoshi, maana diski ikichomolewa na kuchomekwa kompyuta nyingine itasomeka. Faili lililofutwa kwenye flashi nalo mara nyingi hurudishwa kwa programu ya kawaida, kwa hiyo flashi isimbwe kabla ya kuwekwa chochote.

Na siku ufunguo unapoteketezwa, kwa tarehe uliyoiahidi kamati, muuguzi hawezi tena kusema "toeni maneno yangu", kwa kuwa hakuna ajuaye yapi ni yake. Tarehe ya mwisho ya kujitoa inatakiwa iwe imeandikwa kwenye fomu ya ridhaa na kusomwa mbele yake kwa Kiswahili, kabla kinasa sauti hakijawashwa.